Katuni ya mvua inayoruka hatua mbili: jinsi ya kuielekeza vizuri kwa kutumia anga la Kigoma

Mwalimu anayetaka katuni ya kufundishia jinsi mvua inavyotokea halazimiki tena kumtafuta mchoraji. Anaandika sentensi chache kwenye programu ya akili mnemba, anasubiri kidogo, video inatoka. Katuni za namna hii zinapita kutoka simu hadi simu, na nyingi zina rangi nzuri. Shida ni kile zinachoonesha: matone ya maji yanachomoka ziwani na kupaa hadi kwenye wingu lililokuwa linayasubiri, wingu linajaa, linakuwa jeusi, linagongana na lingine, kisha maji yanamwagika.

Mtoto anayekaa Ujiji au Kibirizi akiitazama katuni hiyo ana haki ya kuuliza swali moja ambalo haiwezi kulijibu. Mwezi wa saba Ziwa Tanganyika liko palepale, jua linawaka, dagaa wanakauka mchangani, maji yanavukizwa kutwa nzima. Mbona mvua hainyeshi?

Haiwezi kulijibu kwa sababu imeruka hatua mbili. Ya kwanza ni hewa kupanda na kupoa. Ya pili ni vitone vidogo vya wingu kukua mpaka viwe matone yanayoweza kuanguka. Katuni nyingi huonesha mwanzo, yaani maji kuondoka ziwani, na mwisho, yaani mvua kunyesha, halafu katikati huweka wingu tu. Lakini kazi yote ya kutengeneza mvua hufanyika hapo katikati. Kwa hiyo anayeandika maelekezo ya katuni, yaani yale maneno anayoiandikia programu, anapaswa kuijua sehemu hiyo kuliko nyingine zote.

Tuanze na maneno matatu. Mvukizo ni maji kuondoka juu ya ziwa, ardhi au majani na kuingia hewani. Mvuke ni maji yaliyokwisha kuingia hewani, nayo hayaonekani kwa macho. Wingu ni vitone vidogo sana vya maji, au chembe za barafu, vinavyoelea hewani, hivyo huonekana. Ukishatenganisha mvuke na wingu, nusu ya mkanganyiko imekwisha, kwa sababu watu wengi husema wingu ni mvuke, na programu ya kompyuta, iliyojifunza kutokana na michoro ya watu, huchora vilevile.

Nenda jikoni ukalitazame birika linalochemka. Palepale mdomoni pana nafasi ndogo isiyo na kitu. Unaona ukuta ulio nyuma yake bila shida. Huo ndio mvuke. Mbele kidogo ya nafasi hiyo unaanza ule weupe unaopanda. Weupe huo si mvuke tena. Ni mvuke uliokutana na hewa ya jikoni iliyo baridi zaidi, ukageuka vitone vidogo. Ukisogea mbele zaidi weupe unapotea, kwa sababu vitone vimerudi kuwa mvuke. Kwa hiyo katuni inayoonesha moshi mweupe ukipaa kutoka juu ya ziwa mchana wa jua kali imekosea. Juu ya ziwa hewa huwa safi. Tena maji hayahitaji kuchemka ili yavukizwe. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa na joto la nyuzi 25 hivi au zaidi kidogo, na yanavukizwa usiku na mchana. Ziwa hili hupoteza maji mengi zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa Mto Lukuga, ambao ndio mto pekee unaotoa maji yake kuyapeleka upande wa Kongo.

Hapo mwandishi wa maelekezo anakutana na ugumu wa kwanza: unaoneshaje kitu kisichoonekana? Njia ninayoiamini ni kutumia duara la kukuza. Mandhari ya ziwa inabaki safi, halafu upande mmoja wa picha linatokea duara, na ndani yake vidoti vya buluu vinaachana na uso wa maji na kutawanyika mbalimbali. Msimulizi anasema wazi kwamba vidoti hivyo vimekuzwa na kwamba machoni havionekani. Vidoti viwe vidogo, vyenye nafasi kubwa kati yao, na visifanane kabisa na matone utakayoyaonesha baadaye. Mtoto akiona umbo lilelile likipanda na kisha likishuka, atabeba kichwani kwamba matone hupaa, na kulitoa wazo hilo baadaye ni kazi.

Sasa hewa yenye mvuke inapaswa kupanda. Mchana wa mwezi wa kumi na moja, msimu ukiwa umeanza, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani, yenye unyevu, husogea kuja ufukoni kuziba nafasi. Hapo inakutana na milima. Vilima vya Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, vinainuka kutoka usawa wa ziwa, ambao ni mita 773 hivi juu ya bahari, hadi zaidi ya mita 1,500. Hewa haina njia nyingine ila kupanda.

Ikipanda, inapoa. Wengi hudhani inapoa kwa sababu huko juu kuna baridi inayoigusa. Sababu kubwa ni nyingine. Kadiri unavyokwenda juu, uzito wa hewa inayokandamiza unapungua, kwa hiyo hewa inayopanda inatanuka, na kutanuka huko kunatumia joto lake yenyewe. Hewa ambayo bado haijafanya wingu hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita inayopanda.

Tufanye hesabu ya mchana mmoja wa mfano. Hewa ya ufukoni ina nyuzi 29. Mvuke wake ni wa kiasi kwamba hewa hiyo ikipozwa palepale ilipo hadi nyuzi 20, ungeanza kugeuka maji. Nyuzi hizo 20 ndizo wataalamu wa hali ya hewa wanaziita kiwango cha umande. Tofauti ni nyuzi 9. Kwa kila nyuzi moja ya tofauti, hewa inahitaji kupanda mita 125 hivi kabla wingu halijaanza, kwa sababu kiwango cha umande nacho hushuka kidogo hewa inapotanuka. Mara 9, tunapata mita 1,125. Ukijumlisha na usawa wa ziwa, kitako cha wingu kitakuwa karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hapo hewa itakuwa na nyuzi kama 18. Vilima vya Gombe vinaisukuma hewa mpaka njia zaidi ya nusu, na kiasi kilichobaki hupandishwa na joto la mchana. Lakini kule kusini, kilele cha Nkungwe katika milima ya Mahale, chenye mita 2,462, siku hiyo kingekuwa ndani ya wingu.

Hesabu hii inaipa katuni alama ambayo jicho linaweza kuikagua. Siku moja, mahali pamoja, mawingu ya namna hii huwa na kitako bapa na vyote vinalingana kimo, kwa sababu hewa yote ile inafikia nyuzi hizo 18 kwenye kimo kimoja. Ukiona katuni ina mawingu yenye mviringo juu na chini, yakielea kila moja kwa kimo chake, ujue hatua ya kupoa haikuingia kwenye maelekezo.

Bado kuna jambo dogo hapo kwenye kitako cha wingu. Mvuke haugeuki vitone kwa urahisi ukiwa peke yake. Unahitaji kitu cha kujishikiza. Vumbi la barabarani, moshi wa nyasi zilizochomwa kiangazi, chembe za chumvi zilizotoka baharini mbali, vyote hufanya kazi hiyo. Tuviite viini. Ni vidogo kiasi kwamba hata kwa darubini ya kawaida ya shule ni tabu kuviona. Hapa pana imani moja inayohitaji kurekebishwa, kwamba kuchoma pori kunavuta mvua. Moshi hauleti mvuke wowote wa maana, na viini havikosekani hewani. Moshi mwingi unaweza hata kuchelewesha mvua, kwa kuwa maji yaleyale yanagawanywa kwa viini vingi mno, na kila kitone kinabaki kidogo.

Tumefika kwenye hatua ya pili inayorukwa, na mimi ningeipa muda mrefu kuliko zote katika katuni. Kitone cha kawaida cha wingu kina upana wa milimita 0.02. Tone la kawaida la mvua lina milimita 2. Tofauti ya upana ni mara 100, lakini maji hujaza upana, urefu na kina, kwa hiyo tone moja la mvua lina maji ya vitone milioni moja vya wingu. Kitone kidogo huanguka sentimita 1 tu kwa sekunde katika hewa tulivu. Kutoka mita 1,125 kingechukua zaidi ya siku nzima kufika chini, na kisingefika, kingekauka njiani. Tena hewa inayopanda ndani ya wingu ina kasi kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kinabebwa juu. Tone la milimita 2 huanguka mita 6 na nusu kwa sekunde na kufika chini kwa dakika tatu. Ndiyo maana wingu linaweza kukaa juu ya mtaa wa Mwanga mjini Kigoma mchana kutwa lisidondoshe hata tone moja. Halikukosa maji. Vitone vyake havijakua.

Vinakua kwa njia mbili. Vile vilivyo vikubwa kidogo huanguka kasi kuliko wenzao, vinawapitia na kuwameza, na kila kinapomeza kinazidi uzito na kasi. Njia nyingine huhitaji wingu refu. Katika mfano wetu, hewa ikishaingia ndani ya wingu hupoa polepole zaidi, nyuzi 5 au 6 kwa kilomita, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto. Kutoka nyuzi 18 hadi sifuri inabidi ipande kilomita 3 na zaidi. Kwa hiyo barafu huanza kupatikana juu ya kilomita 5 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko juu chembe za barafu zinanyang'anya mvuke kutoka kwa vitone vya maji vilivyo jirani, zinakua, zinaanguka, zinayeyuka njiani na kufika Kigoma zikiwa mvua. Mara chache haziwahi kuyeyuka, tunapata mvua ya mawe. Mvua kubwa nyingi za alasiri zinazopiga paa la bati zilipitia kwenye barafu, jambo ambalo watoto wetu wengi hawajawahi kuambiwa.

Kwa hiyo wingu linalokaribia kunyesha lazima lirefuke. Linakuwa jeusi upande wa chini kwa sababu ni nene na linazuia jua; ukilitazama kutoka pembeni, sehemu inayopigwa na jua bado ni nyeupe. Na mawingu kugongana? Wingu likipita ndani ya lingine hakuna kinachopasuka. Radi huja baada ya chembe za barafu kusuguana ndani ya wingu hilohilo refu na kutenganisha umeme. Katuni inayopiga radi kwanza, halafu ikarefusha wingu, imepindua mpangilio.

Mvua yenyewe ikianza, kuna dalili ambayo kila aliyekulia Kigoma anaijua: upepo wa baridi unatangulia, unarusha vumbi na kuangusha nguo kambani, kisha matone makubwa machache, kisha mmwagiko. Upepo huo ni hewa iliyopozwa na matone yanayokauka njiani na kuburutwa chini na yanayoendelea kuanguka. Uwekwe kwenye katuni. Ni hatua halisi, na mtoto ataitambua mara moja. Umbo la matone pia liangaliwe: yale madogo ni ya mviringo, makubwa hubonyea upande wa chini. Hakuna tone la mvua lenye ncha juu.

Sasa maelekezo yenyewe. Programu nyingi hutoa video fupi za sekunde chache, kwa hiyo ni busara kuandika kila hatua peke yake na kuunganisha baadaye. Hatari yake ni mandhari kubadilika: hatua ya kwanza mlima uko kulia, ya tatu uko kushoto. Dawa ni kuwa na maelezo ya mandhari yasiyobadilika, yanayonakiliwa neno kwa neno mwanzoni mwa kila hatua:

```
Katuni rahisi ya kufundishia, kamera imetulia,
mtazamo wa pembeni. Kushoto: ziwa la buluu na
mtumbwi mmoja. Kulia: vilima vyenye nyasi.
Anga lachukua robo tatu ya picha.
```

Anga lipewe nafasi kubwa kwa sababu ndiko kazi inakofanyika. Maandishi yasitajwe kabisa kwa kuwa programu hizi mara nyingi hukosea herufi, hasa za Kiswahili. Majina ya hatua utayaongeza wewe mwenyewe wakati wa kuunganisha. Kisha hatua moja moja, kila moja ikiwa na tendo moja tu:

```
1. Jua kali. Hewa juu ya ziwa ni safi. Ndani ya
   duara la kukuza, vidoti vya buluu vinaachana
   na maji na kutawanyika.
2. Mishale myembamba: hewa yatoka ziwani, yapanda
   vilima. Anga bado ni tupu.
3. Kwenye kimo kimoja mawingu madogo meupe
   yanatokea, vitako bapa.
4. Wingu moja linarefuka mara nne, kitako
   kinabaki palepale. Duara la kukuza: tone moja
   linaanguka, linameza vitone, linanenepa.
5. Kitako chawa cheusi, kilele cheupe. Upepo
   warusha vumbi ufukoni.
6. Matone makubwa machache, kisha mvua nzito
   chini ya wingu hilo tu.
```

Utaona nimeandika "anga bado ni tupu" badala ya "usioneshe mawingu". Programu nyingi zikitajiwa kitu, hata kwa kukikataza, hukichora. Eleza kinachoonekana. Hatua ya 4 ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko zote: wingu linakua pande zote, au kitako kinapanda pamoja na kilele. Ikitokea, gawa hatua hiyo mara mbili, wingu kurefuka peke yake na duara la kukuza peke yake. Na msimulizi aseme kwamba muda umefupishwa, maana wingu halisi huchukua nusu saa hivi kutoka kijiwingu hadi mvua.

Kuna ukomo wa kuukubali. Katuni inaonesha mvuke wa ziwa ukinyesha palepale vilimani, na mtoto anaweza kudhani mvua yote ya Kigoma hutoka Tanganyika. Sivyo. Mvuke hukaa hewani siku 8 hadi 10 kwa wastani, na katika siku hizo upepo unaupeleka mbali. Sehemu kubwa ya unyevu wa msimu huletwa kutoka Bahari ya Hindi na kutoka misitu ya Kongo, na pepo hizo hukutana juu yetu wakati ukanda mvua, yaani eneo refu ambako pepo hukutana na hewa hupanda, umeshuka kusini, kati ya Novemba na Aprili. Zikikutana hewa inasukumwa juu katika eneo kubwa, si vilimani pekee, ndiyo maana Tabora, isiyo na ziwa kubwa wala milima mirefu, hupata mvua msimu huohuo.

Hilo ndilo jibu la swali la mwezi wa saba. Wakati huo ukanda mvua uko mbali kaskazini. Upepo wa kusini mashariki unavuma kwa nguvu juu ya ziwa, na mvukizo hauna upungufu wowote. Lakini hewa ya juu inashuka, na hewa inayoshuka hukandamizwa, hupata joto na kuwa kavu. Inaifunika ile ya chini isipande vya kutosha. Hatua ya 1 inafanyika, ya 2 inakatika njiani, ya 3 ikitokea inaishia kwenye vijiwingu vyembamba.

Ningependa walimu watengeneze katuni hiyo ya pili pia, kwa mandhari ileile neno kwa neno, wakibadilisha sehemu hii tu:

```
Mwezi wa saba. Nyasi za vilima ni kahawia.
Duara la kukuza: vidoti vya buluu vinaachana na
maji. Mishale kutoka ziwani yapanda kidogo, kisha
yasambaa kando. Mishale mipana ya rangi ya chungwa
yashuka kutoka juu. Anga linabaki la buluu hadi
mwisho.
```

Zioneshwe zote mbili pembeni kwa pembeni, sauti ikiwa imezimwa, na watoto waulizwe zinaachana wapi. Wakijibu kwamba ziwa la kwanza lina maji mengi zaidi, rudia hatua ya 2 na uikuze mishale yake. Wakinyoosha kidole kwenye mishale, endelea na hatua ya 4.